Namba Mbili, Kisanduku Kimoja

Waliotengeneza Java na waliotengeneza Python walikutana na swali lilelile, wakalijibu kinyume. Kompyuta imepewa safu ya visanduku vyenye namba, na kila kitu kinachohifadhiwa hupangiwa kisanduku chake kwa hesabu. Siku hesabu hiyo ikivipeleka vitu viwili kwenye kisanduku kimoja, kipi kifanyike? `HashMap` ya Java hukipa cha pili nafasi pembeni na kukiunga na cha kwanza, kisha cha tatu na cha pili, mpaka uzaliwe mnyororo. `dict` ya Python haina mnyororo: kitu cha pili hutafutiwa kisanduku kingine kilicho tupu ndani ya safu ileile. Lugha zote mbili zimedumu na uamuzi wake kwa miaka mingi, na zote zina sababu nzuri. Sababu hizo hazionekani mtu akihesabu hatua tu. Zinaonekana akishika saa.

Safu hiyo na hesabu yake huitwa jedwali la hashi. Chukua chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 40,000. Karani akiandika namba ya mwanachama, programu inatakiwa ilete rekodi yake. Ikipita rekodi moja moja tangu mwanzo, kwa wastani itasoma 20,000 kabla ya kumpata. Rekodi zikiwa zimepangwa kwa mfuatano, programu inaweza kufungua katikati, ikatupa nusu isiyohusika, ikafungua katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Hapo hatua hazizidi 16. Jedwali la hashi hulenga kitu kikubwa zaidi, yaani hatua moja. Namba ya mwanachama huingizwa kwenye kanuni, kanuni hutoa namba ya kisanduku, na programu huenda moja kwa moja.

Kanuni rahisi kuliko zote ni kugawanya na kuchukua baki. Kwenye visanduku 11, vilivyopewa namba 0 hadi 10, mwanachama namba 245 huenda kisanduku cha 3, kwa kuwa 245 ukigawanya kwa 11 inabaki 3. Majina na maneno nayo hugeuzwa kwanza kuwa namba kubwa, kisha hufuata njia hiyohiyo.

Wengi hudhani dawa ya mgongano ni kuongeza visanduku. Hesabu inakataa. Weka visanduku milioni moja, kisha uingize vitu 2,500 tu vinavyotawanyika kwa bahati. Visanduku vilivyo tupu ni zaidi ya 997,000, na bado uwezekano wa kuwapo angalau mgongano mmoja unazidi asilimia 95. Sababu ni kwamba kila kitu kinachoingia kinaweza kugongana na chochote kilichotangulia, na jozi za vitu 2,500 ni zaidi ya milioni tatu. Basi jedwali la hashi lisilo na mpango wa kupokea migongano halijakamilika.

Mipango yote miwili ni ya zamani, na yote miwili ilianzia kampuni ya IBM. Mwezi Januari 1953, mhandisi Hans Peter Luhn aliandika waraka wa ndani uliopendekeza hashi pamoja na minyororo. Mwaka uliofuata kundi jingine la IBM, lenye Gene Amdahl, Elaine McGraw, Nathaniel Rochester na Arthur Samuel, lilikuwa likiandika programu ya kutafsiri maagizo kwa ajili ya kompyuta ya IBM 701. Wao waliamua kwamba kitu kikikuta kisanduku kimekaliwa kisogee kisanduku kinachofuata, na kinachofuata, hadi kipate kitupu. Huko Urusi, Andrei Ershov alifikia wazo hilohilo mwaka 1957 bila kuwategemea. Mwaka huohuo W. Wesley Peterson alilichapishia makala na kuliita jina lililobaki hadi leo, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema ni mbinu ya anwani wazi: anwani ya kitu haijafungwa kwenye kisanduku kimoja.

Tofauti yao huonekana vizuri mtu akiingiza namba mwenyewe. Tuseme wanachama saba wanasajiliwa kwa utaratibu huu: 245, 312, 735, 157, 842, 620 na 508. Baki zao baada ya kugawanya kwa 11 ni 3, 4, 9, 3, 6, 4 na 2.

Kwa minyororo hakuna drama. Namba 245 inaingia kisanduku cha 3, na 157 inapokuja inaungwa nyuma yake. Namba 312 iko kisanduku cha 4, na 620 inafungwa nyuma ya hiyo. Waliobaki kila mmoja ana kisanduku chake peke yake. Kwa hakika kisanduku chenyewe hakibebi rekodi. Kinabeba kielekezi, yaani anwani ya mahali pengine kwenye kumbukumbu ambako rekodi ya kwanza imewekwa, na rekodi hiyo nayo ina kielekezi cha inayofuata.

Kwa anwani wazi mambo yanachangamka. Namba 245, 312 na 735 zinaingia nyumbani kwao, visanduku vya 3, 4 na 9. Namba 157 inakuja ikidai cha 3, inakikuta na mwenyewe. Inajaribu cha 4, nacho kimekaliwa. Inaishia cha 5. Namba 842 inaingia cha 6 bila shida. Kisha inakuja 620, ambayo nyumbani kwake ni cha 4. Inapita cha 4, cha 5 na cha 6 ndipo inapata cha 7. Tazama kilichotokea: kati ya tatu zilizoizuia, moja tu, 312, ndiyo iliyogongana nayo kwa hesabu. Namba 157 iko pale kama mgeni, na 842 ilikuwa nyumbani kwake halali. Mwisho 508 inaingia cha 2, na jedwali linakuwa hivi:

```
kisanduku:  0   1    2    3    4    5    6    7   8    9  10
namba:      -   -  508  245  312  157  842  620   -  735   -
```

Kutafuta hufuata nyayo za kuingiza. Programu huanza nyumbani kwa namba na kusogea hadi iipate, au ikutane na kisanduku kitupu, ambacho ndicho ushahidi kwamba namba hiyo haimo:

```python
i = namba % 11
while jedwali[i] is not None and jedwali[i] != namba:
    i = (i + 1) % 11
```

Sasa tuhesabu. Ukiwatafuta wanachama wote saba, kila mmoja mara moja, minyororo itakugharimu milinganisho 9, wastani wa karibu 1.3 kwa kila mmoja. Anwani wazi itakugharimu 12, wastani wa 1.7. Pengo si kubwa. Lakini mtafute mtu asiyekuwapo, tuseme namba 640, ambayo baki yake ni 2. Kwa minyororo unafungua kisanduku cha 2, unamkuta 508 peke yake, unamaliza: mlinganisho mmoja. Kwa anwani wazi unaanza cha 2 na kupita 508, 245, 312, 157, 842 na 620 hadi kisanduku kitupu cha 8. Umetazama visanduku saba ili uambiwe hayupo, katika jedwali lenye watu saba.

Hapo ndipo penye udhaifu wa kusogea kisanduku kimoja kimoja. Vilivyokaliwa hushikana na kuwa kundi, na kundi likishakuwa kubwa hukua haraka zaidi. Kwenye jedwali letu kuna visanduku vinne vitupu: 0, 1, 8 na 10. Mtu angedhani namba ya nane ina nafasi sawa ya kuangukia chochote kati ya hivyo. Sivyo. Itaangukia cha 8 ikiwa nyumbani kwake ni 2, 3, 4, 5, 6, 7 au 8, yaani nafasi saba kati ya 11. Cha 10 kina nafasi mbili, cha 0 moja, cha 1 moja. Kundi refu ndilo linalovuta mgeni, na mgeni akiingia cha 8 hulishika na kundi la 9, likawa moja lenye visanduku vinane mfululizo.

Aliyeipata hesabu kamili ya jambo hili ni Donald Knuth, mwanahisabati wa Marekani. Maandishi yake ni ya Julai 1963, akiwa na umri wa miaka 25. Alionyesha kwamba kasi ya anwani wazi ya kusogea haitegemei idadi ya vitu. Inategemea sehemu ya jedwali iliyojaa. Likijaa nusu, kumpata aliyemo kunahitaji kutazama visanduku 1.5 kwa wastani, na kuthibitisha kwamba mtu hayumo visanduku 2.5. Likijaa robo tatu, wastani ni 2.5 kwa aliyemo na 8.5 kwa asiyekuwamo. Likijaa asilimia 90, ni 5.5 kwa aliyemo, na kwa asiyekuwamo 50.5. Kati ya robo tatu na asilimia 90 hakuna dalili kubwa kwa mtumiaji ila ukali wa kupanda huko. Baada ya hapo ni ukuta.

Minyororo haina ukuta huo. Jedwali lililojaa asilimia 90 humpata aliyemo kwa milinganisho 1.45, na asiyekuwamo kwa chini ya mmoja, maana visanduku vingine ni vitupu na mara nyingi hakuna hata wa kulinganisha naye. Minyororo inaweza hata kubeba vitu vingi kuliko visanduku. Weka vitu mara mbili ya visanduku, na wastani ni milinganisho miwili tu. Anwani wazi haiwezi hilo kwa maumbile yake: visanduku vikiisha, vimeisha.

Kuna na suala la kufuta, ambalo huwaumbua wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila mwaka. Mwanachama 312 anajitoa. Kwenye minyororo unamkata, unamuunga 620 moja kwa moja na kisanduku cha 4, kazi imekwisha. Kwenye anwani wazi, ukisafisha kisanduku cha 4 kikawa kitupu, umempoteza mtu mwingine kabisa. Anayemtafuta 157 ataanza cha 3, amkute 245, asogee cha 4, akute utupu, kisha atangaze kwamba 157 si mwanachama, na 157 yuko palepale kisanduku cha 5 na akiba yake. Kosa hili ni baya kwa kuwa halipigi kelele. Programu haizimiki wala haionyeshi onyo. Inatoa jibu la uongo kwa utulivu. Dalili yake ni rekodi inayopatikana leo, kesho haipatikani baada ya rekodi isiyohusiana nayo kufutwa.

Tiba ya kawaida ni kuacha alama ya kaburi: kisanduku cha 4 kinaandikwa kwamba aliyekuwapo ameondoka, lakini anayetafuta apite. Alama hizo zina gharama. Jedwali linaloingiza na kufuta mchana kutwa hujaa makaburi, na anayetafuta asiyekuwamo analazimika kuyapita yote, hata kama wanachama hai ni wachache. Baada ya muda ni lazima jedwali lijengwe upya. Tiba ya pili ni kuwasogeza waliobaki nyuma. Baada ya 312 kuondoka, 157 anaweza kurudi hadi cha 4, kwa kuwa huko ni karibu zaidi na nyumbani kwake cha 3. Shimo sasa liko cha 5. Namba 842 haisogei, kwani iko nyumbani na haiwezi kwenda nyuma ya hapo. Namba 620 inatoka cha 7 na kuja cha 5. Cha 7 kinabaki kitupu, na hakuna kaburi.

Kufikia hapa msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini mtu yeyote achague anwani wazi. Hatua ni nyingi zaidi, inaogopa kujaa, na kufuta kwake ni mtihani.

Jibu liko kwenye kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Prosesa ya leo ni ya haraka mno kuliko kumbukumbu kuu inayoihudumia. Kuchukua namba iliyo tayari kwenye hifadhi ndogo ya ndani ya prosesa, inayoitwa kashe, huchukua kama nanosekunde moja. Kuifuata namba hiyo kumbukumbu kuu huchukua nanosekunde zinazokaribia 100. Ndiyo maana prosesa haiendi kumbukumbu kuu kuchukua namba moja. Kila safari huleta kipande kizima, ambacho kwenye prosesa nyingi ni baiti 64. Ni kama mtu anayekwenda soko la mbali: akishafika, hanunui nyanya moja. Namba yenye baiti 8 ikihitajika, saba za jirani huja pamoja nayo bila nauli ya ziada.

Turudi kwa 620, lakini tuifikirie ndani ya jedwali la mamilioni, lisiloweza kuenea kwenye kashe. Kwa minyororo, milinganisho yake ni miwili tu. Ila programu inasoma kwanza kisanduku cha 4 ili ipate kielekezi, inakwenda ilipo rekodi ya 312, inasoma kielekezi kingine, inakwenda ilipo 620. Mahali patatu tofauti, kila mahali panaweza kuwa kona yake ya kumbukumbu, na safari ya pili haiwezi kuanza kabla ya kwanza kumalizika kwa sababu anwani bado haijulikani. Gharama inaweza kufika nanosekunde 300. Kwa anwani wazi, programu inatazama visanduku vinne, 4 hadi 7. Vikiwa vya baiti 8 kila kimoja na safu imeanzia mwanzo wa kipande, visanduku 0 hadi 7 vyote vimo kwenye kipande kimoja cha baiti 64. Safari ni moja. Milinganisho minne imefanyika kwa gharama inayokaribia ya mmoja.

Kundi lile lililolaumiwa punde ndilo linalogeuka kuwa faida, alimradi lisiwe refu. Hesabu ya Knuth haikukosea. Ilihesabu visanduku vilivyotazamwa, na katika kompyuta za miaka ya sitini kila kutazama kulikuwa na bei iliyokaribiana. Bei ndiyo iliyobadilika. Faida hiyo pia ina mipaka yake. Kama kila kisanduku kinabeba rekodi nzima ya baiti 200, kipande cha baiti 64 hakitoshi hata kimoja, na visanduku vitupu vinapoteza nafasi nyingi. Minyororo pia ina sifa ambayo programu nyingine haziwezi kuiacha: rekodi ikishawekwa mahali, jedwali likipanuliwa yenyewe haihami, kwa hiyo sehemu nyingine za programu zinaweza kuishikilia anwani yake kwa amani.

Kwa kuwa kujaa ndiko kunakoamua kasi, kila lugha imejiwekea kikomo. `HashMap` ya Java huanza na visanduku 16 na kupanuka mara mbili vitu vikizidi robo tatu, yaani kitu cha 13 kikiingia. `dict` ya Python huanza na 8 na hairuhusu zaidi ya theluthi mbili, hivyo kitu cha sita hulazimisha jedwali kubwa zaidi. Python inawahi zaidi, na ndivyo inavyotarajiwa kwa anayetumia anwani wazi. Kupanua si bure, kwani kila kitu kinapangiwa kisanduku upya. Programu inayoingiza kwa kasi huona mara mojamoja uingizaji mmoja uliochelewa ghafla.

Python pia haisogei kisanduku kimoja kimoja. Inaruka kwa fomula inayoanza kwa kuzidisha namba ya kisanduku kwa 5 na kuongeza 1, huku ikichanganya humo biti za juu za hashi kidogo kidogo. Ingiza 8, 16 na 24 kwenye `dict` mpya ya visanduku 8. Hashi ya namba ndogo kwa Python ni namba yenyewe, kwa hiyo zote tatu zinadai kisanduku 0. Namba 8 inakipata. 16 inaruka hadi 1. 24 inapita 0 na 1 kisha inatua 6. Kisha ingiza 32, nayo ya kisanduku 0: biti zake za juu zinaipeleka moja kwa moja kisanduku cha 2. Makundi yanavunjwa, na ujirani wa kumbukumbu unatolewa sadaka kiasi.

Yote yaliyosemwa mpaka sasa yanadhani namba zinatawanyika kwa bahati. Desemba 2011, kwenye mkutano wa wadukuzi uliofanyika Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kinachotokea mtu akizichagua kwa nia mbaya. Kanuni ya Java ya maneno ilijulikana na kila mtu: chukua thamani ya herufi ya kwanza, zidisha kwa 31, ongeza thamani ya inayofuata, endelea. Kwa `Aa` ni 65 mara 31 jumlisha 97, sawa na 2112. Kwa `BB` ni 66 mara 31 jumlisha 66, nayo 2112. Kwa kuwa vipande hivyo viwili ni sawa, vinaweza kubadilishana popote: `AaAa`, `AaBB`, `BBAa` na `BBBB` vyote vina hashi moja. Ukiunganisha vipande 17 unapata maneno 131,072 tofauti, kila moja la herufi 34, yote yakidai kisanduku kimoja.

Seva za tovuti zilikuwa zikiingiza majina ya sehemu za fomu zilizotumwa kwenye jedwali la hashi bila kuuliza. Fomu moja yenye majina 100,000 yanayogongana ilimaanisha kwamba jina la pili linalinganishwa na moja, la tatu na mawili, na la mwisho na 99,999. Jumla ni karibu milinganisho bilioni tano, kwa ombi moja lenye ukubwa wa megabaiti chache. PHP, Java, Python na jukwaa la ASP.NET la Microsoft vyote viliguswa, vya minyororo na vya anwani wazi, kwa sababu kisanduku kimoja kinachodaiwa na kila mtu ni foleni moja kwa mbinu yoyote ile.

Dawa ziligawanyika kufuata mbinu. PHP iliweka kikomo cha sehemu 1000 kwa fomu, kinachoitwa `max_input_vars`. Java ilitumia faida ya minyororo: tangu toleo la 8, la mwaka 2014, mnyororo wenye vitu vinane ukiongezewa kitu kingine na jedwali lina visanduku 64 au zaidi, mnyororo hugeuzwa mti uliopangwa. Ndani ya mti, kumpata mmoja kati ya 100,000 huhitaji hatua kama 17 au zaidi kidogo. Kwa hashi inayotawanya vizuri, mnyororo wa vitu vinane ni nadra: waandishi wa `HashMap` walikadiria uwezekano wake kuwa kama 6 kwa kila visanduku milioni 100. Python haikuwa na mnyororo wa kugeuza mti, hivyo ilibadilisha kanuni yenyewe. Kuanzia toleo la 3.3 hashi ya neno huchanganywa na namba ya siri inayobadilika kila programu inapowashwa, na toleo la 3.4 likaleta kanuni ya SipHash iliyotungwa na Jean-Philippe Aumasson na Daniel Bernstein. Ndiyo maana `hash("mama")` hutoa jibu jingine kila ukifungua Python upya.

Mara nyingi, hata hivyo, hakuna adui, ila mwandishi wa programu aliyetunga hashi yake kwa haraka. Njia ya kumgundua ni saa. Ingiza vitu 100,000 upime, kisha 200,000 upime tena. Muda ukiongezeka mara mbili, jedwali ni zima. Ukiongezeka mara nne, vitu vinapanga foleni mahali fulani.

Mfano unaojirudia ni wa ramani. Eneo limegawanywa nukta 1000 kwa 1000, kila nukta ina `x` na `y` kuanzia 0 hadi 999, na mwandishi anaamua hashi iwe `x + y`. Nukta ni milioni moja, lakini majumlisho yanayowezekana ni 1,999 tu, kwa hiyo kila hashi inashirikiwa na nukta 500 kwa wastani. Miti ya Java haitamwokoa sana ikiwa nukta zake hazina utaratibu wa kulinganishwa ipi ni kubwa, kwa maana utafutaji ndani ya mti hulazimika kupekua pande zote mbili. Akisoma ushauri na kutumia `31 * x + y`, ambayo ndiyo desturi ya Java yenyewe, thamani kubwa kabisa ni 31,968, na bado nukta 31 hivi zinagombea kila hashi. Akiandika `1000 * x + y`, kila nukta inapata namba yake. Java itapanua jedwali hadi visanduku 2,097,152, na nukta zote milioni moja zitakaa kila moja kwenye kisanduku chake, bila mnyororo hata mmoja.